Seli moja imekufa: kupima betri ya asidi kwa haidromita

Swali lenyewe huja hivi: "Fundi, betri nimeichaji usiku kucha, asubuhi injini inaguna mara moja halafu kimya. Ninunue nyingine?" Huulizwa na manahodha hapa Lamu, huulizwa na wenye sola kule Matondoni, na jibu langu ni lile lile: usinunue kitu kabla hujapima seli zote sita. Mita ya volti hukupa jumla ya seli zote kwa pamoja. Haidromita huingia seli moja moja na kukuambia ni ipi inayowaangusha wenzake.

Ninazungumzia betri ya volti 12 yenye vizibo sita juu, ile unayoweza kuongeza maji. Kama yako imezibwa kabisa, mwongozo huu hautakufaa. Kile kijicho cha kijani kilichowekwa juu ya baadhi ya betri za kuzibwa hutazama seli moja tu kati ya sita. Kinaweza kukaa kijani huku seli ya upande wa pili imekwisha.

Nadharia ni fupi. Ndani ya kila seli kuna plati za risasi na asidi iliyochanganywa na maji. Betri ikichajiwa, asidi hutoka kwenye plati na kuingia majini, maji yakawa mazito. Betri ikitumika, asidi hurudi kwenye plati na maji yakawa mepesi. Haidromita hupima uzito huo kwa namba: maji matupu ni 1.000. Seli iliyojaa chaji huwa karibu na 1.265, na iliyokwisha kabisa huwa karibu na 1.120. Basi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Haidromita ya betri, ya kioo, yenye chelezo ndani chenye namba kutoka 1.100 hadi 1.300. Zile ndogo zenye vipira vya rangi vinavyoelea hazifai kwa kazi hii, kwa sababu hazikupi namba ya kulinganisha seli na seli.
- Mita ya volti.
- Miwani ya kukinga macho na glavu za mpira.
- Ndoo ya maji safi pembeni, na magadi kidogo ya kumwagia asidi ikidondoka.
- Kitambaa kikuukuu.
- Kalamu na karatasi. Hivi si vya mapambo, utaviona vinavyofanya kazi.
- Maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya chupa.

Usivae kikoi unachokipenda. Tone la asidi hulioni linapodondoka. Unaliona siku ya kufua, pale kitambaa kinapotoboka mviringo kama kimeliwa na mende. Pete na saa ya chuma vua. Na kama betri iko ngamani mwa boti, itoe kwanza uipeleke penye upepo. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na ukiongeza mvuke wa petroli wa kule chini, cheche moja ya spana inatosha. Hapa sigara haina nafasi. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi bila kusita, kisha uende hospitali hata kama uchungu umepoa.

Hatua

1. Tenganisha betri. Anza na waya wa hasi, kisha wa chanya. Futa juu ya betri kwa kitambaa chenye maji ya magadi huku vizibo vimefungwa bado, halafu ikaushe. Chumvi ya bahari na vumbi vikiingia ndani ya seli umeharibu kabla hujapima. Magadi yenyewe yasiingie ndani hata chembe, kwa kuwa huua asidi.

2. Zipe seli namba. Ya kwanza ni iliyo karibu na kichwa cha chanya, ya sita iko upande wa hasi. Andika 1 hadi 6 kwenye karatasi. Watu wengi hupuuza hili, wakifika seli ya nne wameshasahau ya pili ilisema nini.

3. Pima volti ya betri nzima ikiwa imepumzika, yaani haichajiwi wala haitumiki, kwa saa kadhaa. Ikiwa imetoka kwenye chaji sasa hivi utaona namba ya uongo. Iandike.

4. Fungua vizibo vyote na utazame kwa tochi, si kwa kiberiti. Maji yawe yamefunika plati. Kama plati zimechungulia, ongeza maji ya betri hadi zifunikwe tu, kisha usipime. Maji mapya hukaa juu kama mafuta ya taa juu ya maji, na haidromita itayanyonya hayo hayo. Chaji kwanza mpaka viputo vichanganye, acha ipumzike, ndipo urudi.

5. Ingiza mrija wa haidromita katika seli ya kwanza, minya mpira, achia taratibu. Vuta na kurudisha mara mbili tatu ili kioo cha ndani kilowe na kushika joto la asidi. Mara ya mwisho vuta kiasi cha chelezo kuelea huru: kisiguse chini, kisigonge mpira juu, kisiegemee ubavuni. Kikiegemea, gonga kioo kwa kucha.

6. Soma. Hapa ndipo wanagenzi wanapokosea zaidi, kwa hivyo nenda polepole. Usiitoe haidromita nje ya seli. Iache mrija ukiwa ndani ili asidi isidondoke. Inama mpaka jicho lako liwe sawa na usawa wa maji. Maji hupanda kidogo pale yanapogusa shingo ya chelezo. Usisome kile kilima, soma usawa wa maji yenyewe. Kisha kumbuka kwamba namba za chelezo huongezeka kwenda chini. Asidi nzito hukiinua chelezo, kwa hivyo namba kubwa ndizo zilizo chini. Ukiona maji yamekata mistari mitatu chini ya 1.250, na kila mstari ni 0.005, hiyo ni 1.265 na siyo 1.235. Nimeona mtu akitupa betri nzima kwa kosa hili moja.

7. Rudisha asidi katika seli ile ile uliyoitoa. Ukiirudisha kwenye seli ya jirani umechanganya hesabu za wote wawili. Andika namba, nenda seli ya pili, mpaka ya sita.

8. Suuza haidromita kwa maji safi, ndani na nje. Asidi ikikaukia ndani, siku nyingine chelezo kitaganda ubavuni.

Kuhusu joto: haidromita nyingi za betri zimewekwa sawa kwa asidi ya nyuzi 27 hivi. Asidi ikiwa na joto zaidi huwa nyepesi kidogo, kwa hiyo ongeza 0.007 kwa kila nyuzi 10 zilizozidi. Betri iliyokaa juani hadi nyuzi 37 ikikuonyesha 1.255, hesabu kuwa ni 1.262. Lakini kama unachotafuta ni seli iliyokufa usijisumbue na hesabu hii, maana seli zote sita zimekaa jua moja.

Namba zinasema nini

Kwa betri nyingi za gari na boti, 1.265 ni chaji kamili, 1.225 ni robo tatu, 1.190 ni nusu, 1.155 ni robo. Baadhi ya betri za nchi za joto hujazwa asidi nyepesi zaidi tangu kiwandani, karibu 1.240, kwa hivyo ukiona seli zote sita zimesimama hapo baada ya chaji kamili usishtuke.

Namba ya seli moja peke yake haina maana kubwa. Tazama tofauti kati ya iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa. Ikiwa zote ziko chini lakini zimekaribiana, tuseme kati ya 1.150 na 1.160, betri ina njaa tu, ichaji. Tofauti ikifika 0.030 anza kuitilia shaka seli ya chini. Ikifika 0.050 baada ya chaji kamili, seli hiyo ina ugonjwa.

Yatilie mkazo maneno "baada ya chaji kamili". Usihukumu seli yoyote kwa kipimo cha kwanza.

Mfano: betri ya boti ya Mokowe

Nahodha mmoja anayevusha abiria kwenda Mokowe aliniletea betri ya ampea-saa 100 mgongoni mwa punda. Akasema, "Fundi, hii nimeiweka mwaka juzi, na chaja yangu ni nzuri. Itakuwa ni stata." Volti ikiwa imepumzika: 10.4. Mtu angesema imekwisha chaji, irudishe kwenye chaja. Vizibo vilipofunguliwa, karatasi ikaandikwa hivi:

| Seli | Kabla ya chaji | Baada ya chaji na mapumziko |
|---|---|---|
| 1 | 1.220 | 1.260 |
| 2 | 1.225 | 1.265 |
| 3 | 1.220 | 1.260 |
| 4 | 1.110 | 1.125 |
| 5 | 1.225 | 1.265 |
| 6 | 1.215 | 1.255 |

Tazama safu ya kwanza. Seli tano zina chaji ya karibu robo tatu. Betri yenye seli sita za namba hiyo ingesoma zaidi ya volti 12.3. Hii inasoma 10.4, yaani volti mbili hazipo, na seli moja nzima huwa ni volti mbili na kidogo. Kuna njia nyepesi ya kuhakikisha: chukua namba ya seli, ongeza 0.84, utapata volti ya seli hiyo ikiwa imepumzika. Seli tano nzima zikanipa karibu 10.3 zenyewe. Kwa hiyo ya nne ilikuwa inachangia nukta tu.

Hata hivyo niliichaji, kwa ampea chache, mchana, nikiwa karibu. Usiku haifai, na sababu ni hii: chaja haijui kwamba seli moja imekufa. Inasukuma volti za seli sita kwenye seli tano, na hizo tano zinachemka kupita kiasi, zinapata moto na kutoa gesi nyingi. Nilichokiona ndicho utakachokiona wewe ukitazama ndani ya vizibo: matundu matano yanatoa viputo kama chungu cha wali, la nne limetulia kama kisima. Kimya kile ni ushahidi sawa na namba.

Kila saa moja nikapima. Namba zilipogoma kupanda kwa vipimo vitatu vya kufuatana, nikajua chaji imekamilika, kwa sababu saa ya ukutani haikuambii hilo. Baada ya kupumzika, volti 10.6. Seli ya nne ilikuwa imepanda 0.015 tu wakati jirani zake zimepanda 0.040. Nikaiacha mpaka kesho yake: tano zimesimama palepale, ya nne imerudi 1.110. Na nilipoivuta asidi yake mara ya pili ilikuja na wingu la kahawia, unga wa plati. Mashapo yamejaa chini yakaunganisha plati za chanya na hasi, seli inajila yenyewe.

Stata ya nahodha haikuwa na kosa lolote.

Kabla hujaitupa: sababu tatu za seli moja kuwa chini

Si kila seli iliyo chini imekufa, na hapa ndipo penye pesa.

Ya kwanza ni hiyo ya mfano, plati zimegusana ndani. Dalili zake huja pamoja: volti ya betri imepungua kwa karibu mbili, hakuna viputo wakati wa chaji, namba hupanda kidogo na kuporomoka baada ya siku moja. Hii haina dawa. Zamani betri zilikuwa na kifuniko cha lami na viungo vya seli vimepita juu kwa nje, fundi aliweza kuifungua seli moja akaitengeneza. Za leo zimeunganishwa kwa ndani kupitia kuta za plastiki.

Ya pili ni asidi kupungua. Wakati wa kusi boti hulala ubavu siku nzima, na kama kizibo cha seli ya pembeni kimelegea asidi humwagika. Mwenye boti anaona seli imepungua, anajaza maji, na tangu hapo seli ile husoma 1.200 wakati wenzake 1.265. Lakini volti ya betri ni nzima, karibu 12.6, viputo vinatoka sawasawa na wengine, na namba haiporomoki kesho yake. Seli hii ni hai, ina maji mengi tu. Hapa pekee ndipo kuongeza asidi ya betri iliyokwisha tayarishwa kunakubalika: nyonya kiasi kwa haidromita, weka asidi kiasi kile kile, chaji ichanganyike, pima tena. Rudia kidogo kidogo. Usiipeleke juu ya wenzake.

Ya tatu ni seli iliyoachwa na njaa muda mrefu hadi plati zikafanya ukoko mweupe. Namba yake hupanda kwa uvivu, na hupata joto mapema kuliko wengine. Ijaribu kwa chaji ndogo, karibu ampea 5 kwa betri ya ampea-saa 100, siku nzima au zaidi, ukipima na kugusa ubavu wa betri. Ikianza kuunguza mkono, zima ipoe. Nyingine huamka, nyingine hazitaki. Ikiwa baada ya siku mbili bado iko nyuma kwa 0.050, mwache mgonjwa apumzike.

Matatizo yanayorudi

*Chelezo kimezama, hakielei kabisa.* Ama umevuta asidi kidogo mno, ama seli iko chini ya 1.100, ama umevuta maji ya juu uliyoongeza leo. Chaji kisha urudie kabla ya kuamini.

*Seli moja inasoma 1.300 au zaidi.* Mara nyingi maji yamekauka na asidi imebaki, au kuna aliyeongeza asidi. Tazama kina kwanza. Kama maji yamepungua, ongeza ya chupa, chaji, pima.

*Niliongeza asidi kwenye seli iliyokufa na sasa inasoma vizuri, mbona stata bado haizunguki?* Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe nikiwa mwanagenzi, tena nikajisifu jioni nzima. Haidromita hupima uzito wa maji, haijui kama plati ni nzima. Ukimwaga asidi ndani umebadilisha maji tu. Pima volti: kama bado ni 10.5, umepaka rangi ukuta ulioanguka.

*Namba zote sita ni nzuri na karibu sawa, lakini stata haizunguki.* Sasa ndiyo ushuku vichwa vilivyofanya ukungu wa kijani, waya uliooza ndani ya ngozi kwa chumvi, au stata yenyewe. Kuna uwezekano pia plati zimechakaa: asidi inajaa, nguvu haipo. Hapo haidromita imefika mwisho wake, tafuta mwenye kipimo cha mzigo.

*Sola yangu: taa zinafifia saa mbili usiku, na mchana kidhibiti chaji hakionyeshi kwamba betri imejaa.* Seli moja iliyokufa hufanya hivyo hasa. Volti haifiki pale inapotakiwa, kidhibiti kinaendelea kusukuma, seli tano zinakauka maji. Ukijikuta unaongeza maji kila wiki huku seli moja haipungui hata kidogo, anza kupima hiyo. Kama umeunganisha betri mbili sambamba, zitenganishe kabla ya kupima, la sivyo mbovu itainyonya nzima na utazihukumu zote mbili.

*Maji ya kisima yanafaa?* Hapana, ya Lamu hayafai hata yale matamu ya Shela. Chumvi kidogo isiyosikika ulimini hula plati. Na maji ya bahari yakiingia ndani ya betri inayochajiwa hutoa klorini, gesi ya sumu; ukinusa harufu ile kali ya dawa ya kusafishia choo, zima chaja na utoke upate upepo.

Betri iliyokufa usiimwage asidi mchangani. Maji ya kunywa ya mji huu yanatoka chini ya mchanga huo huo wa Shela. Funga vizibo vyote, isimamishe wima, umpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani. Yeye hulipa kwa kilo, na risasi ina uzito wake.